Chuku ya Ngugi Haikuzidi Kipimo

Kuna hukumu inayotolewa haraka kila riwaya ya kejeli inapojadiliwa: mwandishi ametia chumvi mno, watu wa aina hiyo hawapo duniani, basi kitabu kimepoteza uhalisia. Nimeisikia ikitolewa dhidi ya Shetani Msalabani ya Ngugi wa Thiong'o, na naipinga moja kwa moja. Anayesema hivyo amesoma maneno, hakusikia sauti.

Ngugi aliiandika riwaya hii kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni, ikachapishwa mwaka 1980. Kiini chake ni mashindano ya wezi na wanyang'anyi ndani ya pango huko Ilmorog. Mabwana wenye vitambi wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wanajisifu walivyoiba, na wageni kutoka ng'ambo wamekaa kuwasikiliza.

Mchukue Gitutu wa Gataanguru. Anaanza kwa kueleza alivyopata ardhi kwa mkopo wa benki, akaikata vipande na kuwauzia wasio na ardhi kwa faida kubwa. Hapo hakuna chuku hata chembe. Mkenya yeyote aliyeishi miaka ya baada ya uhuru aliwajua watu wa namna hiyo. Kisha anapiga hatua ya pili: siku moja udongo utauzwa kwa vyungu. Halafu ya tatu: hewa nayo itatiwa makoponi iuzwe, na raia wakileta ukaidi wanyimwe hewa mpaka wanyenyekee. Msomaji anayepaza sauti kwamba hewa haiuzwi hajakosea kuhusu hewa, lakini ameiruka hatua ya kwanza. Chuku imeota juu ya jambo la kweli na kulifuata kwa mantiki yake lenyewe. Ikiwa ni halali kumuuzia mtu ardhi aliyoipigania, ni sheria gani itakayomzuia muuzaji asifike kwenye pumzi yake? Swali hilo ndilo kazi ya chuku, na haliwezi kuulizwa kwa takwimu za mashamba.

Kinaya kinahitaji sikio jingine, kwa sababu hakikuzwi. Kinasemwa kwa utulivu kama jambo la kawaida. Mshindani wa kwanza, Ndaaya wa Kahuria, ni mwizi wa kuku. Anakiri kwamba huiba kwa sababu ya njaa, na pango zima linapandwa na hasira, anafukuzwa jukwaani. Ukisoma mbiombio utadhani hata wezi wanachukia wizi. Tazama wanachokikasirikia. Hawamlaumu kwa kuiba, wanamlaumu kwa kuiba kidogo, tena kwa shida. Hasira yao ni ya kweli kabisa. Kilichopinduka ni mizani wanayopimia. Ndiyo maana nawasihi wasomaji, mhusika akitoa hukumu, waulize anapima kwa mizani ya nani kabla ya kumbandika mwandishi maneno hayo.

Mahali panapopotosha wengi zaidi ni pale kicheko kinapokauka. Kimeendeeri wa Kanyuanjii anapanga shamba la majaribio litakalokamua jasho, damu na akili za wafanyakazi kwa mashine, kisha mazao hayo yasafirishwe kwa mabomba kama mafuta ya petroli. Wapo wanaoona hapa ukatili uliopita kiasi. Lakini sikiliza anavyozungumza: ni lugha ya mradi, ya uzalishaji na soko la nje, haitetemeki hata kidogo. Damu peke yake ingekuwa hadithi ya mazimwi. Kinachotisha ni ule utulivu wa mfanyabiashara anayepiga hesabu.

Na mwandishi mwenyewe ametuachia kipimo cha kujua chuku inapokoma. Mwanamke aitwaye Wangari anasimulia ndani ya matatu jinsi alivyokwenda Nairobi kutafuta kazi akaishia kukamatwa kama mzururaji, yeye aliyewasaidia wapiganaji wa Mau Mau akiwa msichana. Usimulizi huo hauna nakshi wala kitambi kilichokuzwa. Baadaye anawapeleka polisi pangoni wawakamate wezi, na polisi wanamkamata yeye. Mtu aliyecheka mpaka hapo hujikuta amenyamaza, kwa sababu tukio hili halikuongezwa chumvi yoyote, na bado ndilo la ajabu kuliko yote yaliyosemwa jukwaani.

Kwa hiyo walimu wa fasihi, acheni kuwauliza wanafunzi kama riwaya imechekesha, wala kama mambo hayo yanaweza kutokea. Waambieni wapige mstari chini ya sentensi ambapo Gitutu anaacha kusema yaliyokwisha kufanyika na kuanza kusema yatakayofuata. Atakayeupata mstari huo hatasema tena kwamba Ngugi alizidisha.