Kokeini haichagui miguu yenye kasi: moyo wa kijana nao huzimika

KIJANA akianguka katikati ya uwanja wa vumbi kule Nyanungu, Tarime, maneno huwa mengi kabla hata mwamuzi hajapuliza filimbi. Huyu atasema amerogwa, yule atasema hajala tangu asubuhi, na mzee mmoja pembeni atadai kijana kapulizia bangi. La bangi halishangazi, maana Tarime jina lake limeandamana na zao hilo miaka nenda rudi. Kokeini ni jambo jingine. Haioti Mara, inatoka Amerika Kusini, Kolombia, Peru na Bolivia, na bei yake si ya mfuko wa mtu wa kijijini.

Lakini winga anayetesa Nyanungu leo, kesho yuko Mwanza, keshokutwa Dar es Salaam, na akibahatika yuko nje ya nchi na mshahara mnono. Kokeini hukutana na vijana huko, kwenye sherehe na pesa ya kwanza kubwa. Na huku kwetu yote huitwa "unga", heroini na kokeini zikitupwa kapu moja. Hapo ndipo watu wanapopotea. Heroini ikizidi humlaza mtu na kumkata pumzi taratibu. Kokeini haimlazi, inamkimbiza moyo.

Kisa ambacho madaktari hawachoki kukirudia si cha soka bali cha kikapu. Len Bias wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alikuwa na miaka 22 na urefu wa zaidi ya mita mbili. Juni 17, 1986 alichaguliwa wa pili katika usajili wa vijana wa NBA, na waliomchukua ni Boston Celtics, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa siku chache tu nyuma. Fikiria kijana wa Ndondo anayesajiliwa na bingwa wa Ulaya.

Akaenda Boston, akarudi chuoni, na usiku ule akakaa bwenini na marafiki. Kokeini ilikuwepo. Alfajiri ya Juni 19 alianza kutikisika kwa degedege, kisha akaacha kupumua. Simu ya dharura ilipigwa saa 12 na nusu asubuhi. Madaktari wakahangaika naye, na kabla ya saa 3 wakatangaza amefariki. Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jimbo hilo alieleza kuwa kokeini ilivuruga umeme unaouongoza moyo kupiga. Jezi ya Celtics hakuivaa hata mechi moja.

Umeme? Ndiyo. Kila pigo la moyo huanzishwa na cheche ndogo inayopita kwa mpangilio kwenye misuli yake. Kokeini huziba njia ambazo chembe za chumvi hupitia kuitengeneza cheche hiyo. Mpangilio ukivunjika, moyo hutetemeka tu badala ya kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa mtu anazima, na ndiyo maana anguko hilo huja ghafla, bila mchezaji kuinua mkono kuomba kutolewa.

Kuna njia ya pili, na hii huanza na maumivu. Mwili una kemikali zake za kumwandaa mtu kupigana au kukimbia. Kwa kawaida zikishafanya kazi hurudishwa ghalani. Kokeini hufunga mlango wa ghala, kemikali zikabaki nje zikiuchapa moyo. Mapigo yanapanda, presha inapanda, na moyo unadai oksijeni nyingi zaidi. Muda huohuo kokeini inaibana mishipa inayoulisha moyo wenyewe na kuifanya damu igande upesi. Ni kama kocha anayemwongezea mchezaji mazoezi mara mbili huku akimpunguzia chakula nusu.

Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1999 kuwa katika saa moja ya kwanza baada ya kutumia, hatari ya shambulio la moyo huongezeka takribani mara 24, kisha hushuka haraka. Ikishashuka haimaanishi mtu kapona. Mabaki ya kokeini yanaweza kuibana tena mishipa saa kadhaa baadaye, na maumivu yakamkuta mtu mazoezini wakati ameshaisahau sherehe. Akinywa na pombe, ini huchanganya viwili hivyo na kutengeneza kemikali ya tatu inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe. Na huyu anaweza kuwa mtu wa miaka 25, asiye na mafuta mishipani wala sigara mdomoni.

Diego Maradona alionyesha upande wa polepole. Januari 2000, akiwa na miaka 39, alilazwa Punta del Este, Uruguay, moyo ukiwa umevurugika na kokeini ikaonekana kwenye vipimo. Aprili 2004 alilazwa tena Buenos Aires, safari hii akisaidiwa na mashine kupumua. Alipofariki Novemba 25, 2020 uchunguzi haukukuta dawa za kulevya mwilini, lakini moyo wake ulikuwa na uzito wa gramu 503, wakati wa mwanaume wa kawaida ni kama 300 na kitu. Pombe, unene na presha navyo vilichangia, kokeini haiwezi kubebeshwa lawama yote. Ila moyo uliotanuka si lazima urudi udogo kwa sababu mtu kaacha.

Haki itendeke pia. Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka Lyon Juni 2003, alikuwa na misuli ya moyo iliyonenepa kwa ugonjwa, si kwa unga. Anayeanguka uwanjani asihukumiwe kabla ya vipimo.

Maumivu ya moyo mara nyingi hubana katikati ya kifua kama mtu kakukalia, huenda bega la kushoto au taya, na jasho baridi hufuata. Ya msuli huongezeka ukiubonyeza. Kwa aliyetumia kokeini tofauti hiyo haiaminiki sana, maana wapo wanaopata shambulio wakidhani ni gesi. Kati ya wanaofika hospitali na kifua baada ya kokeini, takribani 6 katika 100 hukutwa na shambulio la kweli, na kwa kijana kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuhadaa. Kwa hiyo wengi huangaliwa saa 9 hadi 12, damu ikipimwa tena.

Akianguka na hapumui, au anakoroma kwa vipindi tu, kumwagia maji ni kupoteza dakika. Kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu, kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, watu wakipokezana mpaka gari lifike. Kutoka Nyanungu hadi hospitali ya Tarime mjini si jirani.

Halafu kuna swali la daktari: umetumia nini? Hapo vijana wengi hudanganya kwa kuogopa polisi au klabu. Zipo dawa za kawaida za kupunguza kasi ya moyo ambazo madaktari wengi huziepuka mwanzoni kwa mtu mwenye kokeini mwilini, kwani zinaweza kuiacha mishipa ikibanwa zaidi. Huyu huanzishiwa dawa za kumtuliza, aspirini na za kulegeza mishipa. Asiposema, daktari anatibu mgonjwa mwingine.