Laini ya Mwenyeji, Jasho la Mgeni

Kijana alisimama mbele ya kibanda cha wakala wa fedha Kariakoo, akizima simu na kuiwasha. Mtandao ulikuwa umekata tangu asubuhi. Wakala aliihamishia laini kwenye simu yake mwenyewe, akatikisa kichwa. Laini ilikuwa imekufa. Mwenye jina lililosajiliwa, yule yule mwenyeji aliyempokea alipotoka Kasulu, alikuwa amekwenda dukani, akaweka kidole na kupewa laini mpya yenye namba ile ile. Ndani ya akaunti mlikuwa na shilingi 180,000, malipo ya kubeba mizigo. Kijana hakuwa na la kudai, maana kwenye kumbukumbu za mtandao fedha zile hazikuwa zake hata siku moja.

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. "Kalizwa mshamba," mmoja alisema, kisha akauliza salio lake.

Chanzo kinajulikana. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 20, 2020 zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Asiye na namba ya NIDA hana laini, na asiye na laini hana pa kuweka akiba. Namba inataka fomu yenye mhuri wa serikali ya mtaa pamoja na cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine, ambazo mara nyingi zimebaki kijijini ndani ya sanduku la mama.

Lakini kula ni leo. Kwa hiyo mgeni huingia kwenye kazi zisizouliza kitambulisho: kushusha ndizi Mabibo, kupara samaki Feri, kumsaidia fundi kwenye ujenzi, kuosha vyombo kwa mama lishe. Akipata wa kumwamini huchukua mali kauli, yaani bidhaa anazozilipia baada ya kuuza. Hesabu yake ni nyepesi. Dazeni ya soksi ikitolewa kwa shilingi 12,000 na kila jozi ikauzwa 1,500, jioni anarudisha 12,000 na kubaki na 6,000, kabla ya nauli na chakula. Zikibaki jozi nne, faida yote imelala ndani ya soksi. Na mali kauli haitolewi kwa sura. Mwenye duka humtaka mtu anayemjua amdhamini.

Hapo ndipo wenyeji wa jiji hili wanapotakiwa kujitazama. Wapo wanaomdhamini mgeni kisha wakadai nusu ya faida kila jioni. Wapo mafundi wanaomaliza wiki bila kulipa, wakijua kijana asiye na karatasi haendi kituoni kushtaki. Wapo wanaouza mihuri ambayo mwananchi hapaswi kuinunua. Na wapo wengi zaidi waliosimama kwenye foleni wakicheka. Huu ni wizi, jamani, na unafanywa mchana kweupe na watu ambao wengi wao nao walishuka Ubungo na begi moja!

Anayempokea mgeni ampeleke kwa mjumbe na ofisi ya mtaa wiki ile ile, asingoje miezi, na amsaidie kupiga simu nyumbani ili cheti kitumwe na kondakta wa basi anayefahamika. Ufuatiliaji uanze mapema, kwa sababu namba inaweza kutoka na kutumika kusajili laini kabla kadi yenyewe haijachapishwa. Kwa waliotoka mikoa ya mpakani maswali ya uraia huwa mengi, hivyo taarifa za wazazi na kijiji ziandaliwe kabla ya kufika dirishani.

Hadi siku atakapopata namba, mgeni alipwe taslimu, jioni kwa jioni. Asiweke jasho lake kwenye laini ya mtu mwingine, awe ndugu au rafiki. Kama hana pa kuficha fedha, mama lishe au muuza duka anayeaminika amtunzie kwa daftari mbili, moja kwa kila upande, na kila kiasi kiandikwe wote wawili wakiona. Akipata namba yake asajili laini dukani, si kwa mpita njia anayesema kidole hakijasoma na kumtaka akiweke tena, kwani kidole cha pili huweza kusajili laini ya mtu mwingine. Apige *106# aone ni namba zipi zimo kwa jina lake.

Wenye maduka Kariakoo nao waamue. Dazeni moja ya kwanza kwa mgeni aliyeletwa na mjumbe wake haitamfilisi mtu. Vyama vya masoko vitafute namna ya kuwasikiliza wasiolipwa. Na wewe uliye kwenye foleni ya wakala, ukisikia mgeni analia laini imekufa, acha kucheka. Nenda naye kwa huyo mwenyeji leo, mkiwa watu watano au kumi, mkae mlangoni mpaka 180,000 zitoke.