Kwa Nini Sikutia Saini

Wiki iliyopita niliombwa kutia saini barua ya kuunga mkono andiko la mradi. Shirika moja lisilo la kiserikali linaomba ruzuku ili likusanye saa 200 za sauti za Kiswahili, zitumike kuifundisha kompyuta kumwelewa mkulima anayepiga simu kutafuta ushauri. Nimekataa. Lengo ni jema. Njia iliyochaguliwa ndiyo inayolisaliti.

Andiko linasema sauti zitatoka kwa wanafunzi wa chuo, watakaosoma sentensi za magazeti katika chumba tulivu. Sababu yake ni fedha. Maneno ya anayesoma tayari yameandikwa, ilhali mazungumzo huru humhitaji mtu wa kuyasikiliza na kuyaandika, na saa moja ya sauti humla saa kadhaa za kazi. Kwa bajeti ileile hupatikana usomaji mwingi au mazungumzo machache, na wafadhili huvutiwa na wingi. Lakini ni nani amewahi kumsikia mkulima wa Mbozi, ambaye Kiswahili chake kimelelewa na Kinyiha, akizungumza shambani kama msoma taarifa ya habari? Isitoshe, sauti za kusomwa tunazo: mradi wa Common Voice umezikusanya na kuzitoa bure.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika kipimo. Andiko linaahidi makosa yasiyozidi maneno 15 katika kila 100. Tuchukue swali hili: “Mahindi yangu yanaliwa na viwavi, nipige dawa gani?” Ni maneno 8. Kompyuta ikisikia “viazi” badala ya “viwavi”, imekosea neno 1 kati ya 8, yaani asilimia 12.5. Kwa kipimo cha andiko, imefaulu. Mkulima, kwa upande wake, amekosa jibu. Kiwavijeshi vamizi huuawa kwa urahisi angali mdogo. Akishakua na kujichimbia katika moyo wa mhindi, dawa humfikia kwa shida. Siku zilizopotea kwa neno moja hulipwa kwa magunia.

Kwa hiyo nimewaandikia masharti matatu. Kwanza, wapunguze saa hadi 50, lakini ziwe za wakulima wenyewe, wakirekodiwa kwa simu zao shambani: waonyeshwe picha ya jani lililoliwa, waulizwe wanaona nini. Pili, sauti za kupimia zitoke kwa watu na vijiji ambavyo havikutumika kufundishia. Vinginevyo kompyuta itasifiwa kwa kuwakumbuka inaowajua tayari. Tatu, makosa katika majina ya mazao, wadudu, dawa na vipimo yahesabiwe peke yake na kutangazwa.

Nimejibiwa kwamba saa 50 hazitamvutia mfadhili. Basi tukiri kwamba andiko hili limeandikwa kwa ajili ya mfadhili, na jina la mkulima liondolewe kwenye jalada lake. Wakiyakubali masharti hayo, kalamu yangu ipo.