Dili Tamu? Kata Simu, Kisha Piga Mwenyewe

Wiki hii sina stori za mapenzi wala za nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Nina stori ya mdogo wangu, ambaye nusura aingizwe mjini akiwa amekaa kwenye baraza ya nyumbani kwetu Paje, miguu imejaa mchanga.

Ilikuwa jioni, upepo umetulia, wale wazungu wa kaiti wanakunja vitu vyao. Dogo kaja mbio, simu mkononi, macho yamemtoka. "Dada, nimepata kazi!" Kanipa simu nisome. Meseji inasema amechaguliwa kufanya kazi kwenye hoteli moja kubwa kule Nungwi, mshahara laki sita na nusu, kula na kulala juu yao. Anachotakiwa ni kutuma elfu sabini na tano za sare na kipimo cha afya kabla ya saa mbili usiku, kwani nafasi zimebaki mbili tu. Dogo alikuwa na elfu thelathini na tano. Alikuja kwangu kukopa arobaini.

Sasa usicheke. Kijana kamaliza skuli, mwaka wa pili yuko mtaani, na kweli alishapeleka barua kwenye hoteli kama tano hivi. Meseji ilikuwa na jina la meneja, na mwenyewe alishampigia, sauti nzito, lugha ya kiofisi. Ukimwambia mtu kama huyo "huo ni utapeli", atakuona una wivu. Mie nilimwambia hivi tu: "Hela ntakupa. Ila kesho saa nne, tukishapita ngazi nne." Akanuna, lakini akakaa.

Ngazi ya kwanza ni kunyamaza. Hapa hubishani na mtu wala humtukani. Tulimjibu: "Nimekuelewa bosi, nitakupa jibu kesho saa nne asubuhi." Baada ya hapo hakuna kutuma hela, picha ya kitambulisho, namba ya siri, wala zile tarakimu zinazoingia kwa meseji halafu mtu anakuomba umsomee. Tukachukua daftari tukaandika jina lake, namba yake, anachoahidi, anachotaka na muda aliotoa. Kuandika kunasaidia sana, maana kesho akibadilisha maneno utamuona.

Na kweli alibadilisha. Kabla ya saa mbili alipiga mara nne. Mara ya tatu akasema bosi kamhurumia, atume elfu hamsini tu. Nikamwangalia dogo. Kipimo cha afya kina bei yake, hakishuki kama pweza aliyebaki jioni. Dogo akaanza kukuna kichwa.

Ngazi ya pili ni kuitafuta namba rasmi wewe mwenyewe. Wengi huchemsha hapa. Wanasema, "Nilihakikisha, nilimpigia." Ulimpigia kwa namba gani? Ile aliyokutumia yeye! Huko ni sawa na kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi.

Jambo la kujua ni kwamba jina au namba inayotokea kwenye kioo cha simu yako inaweza kughushiwa. Kuna mitambo inayomwezesha mtu kukupigia huku kioo kinaonyesha namba ya benki au ya ofisi. Yaani anaweza kuivaa namba kama kanzu ya kuazima. Lakini wewe ukikata, ukaibonyeza namba ya kweli kwa kidole chako, tarakimu kwa tarakimu, simu inakwenda kwa mwenye namba na si kwa aliyeivaa. Faida ya kupiga mwenyewe iko hapo. Ndiyo maana hata kama namba iliyotokea inafanana na ya ofisi, unakata kwanza halafu unapiga upya.

Namba rasmi utaitoa wapi? Itoe mahali ambapo huyo jamaa hawezi kuweka mkono wake: kwenye kibao cha getini, kwenye risiti, nyuma ya kadi ya benki, kwenye mkataba, au kwa mtu unayemjua anayefanya kazi palepale. Usiitoe kwenye barua yenye muhuri aliyokutumia kwa Watsapu, muhuri siku hizi unachorwa kwenye kompyuta. Na ukiitafuta kwenye mtandao usichukue ya kwanza tu, kwani matapeli nao huweka namba zao huko. Linganisha sehemu mbili.

Sisi tulimpigia ami yetu anayeendesha gari la watalii. Alikuwa na karatasi ya kupokelea wageni ya hoteli ileile, ina namba ya mapokezi. Tukampigia na jirani aliyehamia Nungwi, akatusomea namba ya kwenye kibao. Zikalingana. Ya "meneja" haikufanana na yoyote.

Ngazi ya tatu ni kupiga, na kupiga kuna saa yake. Usipige usiku kwa presha. Asubuhi saa tatu, muda wa kazi, dogo akabonyeza. Nilikuwa nimemwandikia maswali matatu: Je, kuna nafasi hii mnayoajiri? Je, mwombaji hutakiwa kulipa chochote? Na je, namba hii ni ya ofisi yenu? Usianze na "fulani yupo?", maana ukiuliza hivyo tu utajibiwa "yupo" na utaridhika bure.

Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Akampeleka kwa mtu wa utumishi. Majibu yalitushangaza. Nafasi zilikuwepo kweli, tangazo lilibandikwa getini. Hata huyo meneja alikuwepo kweli, na jina ni lake. Lakini namba haikuwa yake, hakuna aliyechaguliwa bila ya kusailiwa, na wao hawachukui hata senti ya mwombaji. Umeona mchezo? Tapeli alisoma tangazo la kweli, akachukua jina la mtu wa kweli, akabadilisha kitu kimoja tu, mahali pa kutuma hela.

Na ukipiga ukajibiwa "sijui, labda", hiyo si ndiyo. Panda daladala uende mwenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi Nungwi ni ndogo kuliko hizo elfu sabini na tano.

Ngazi ya nne ni kungoja hata kama umejibiwa ndiyo. Mie nina kipimo changu: fedha ndogo nailalia usiku mmoja, na fedha inayozidi kipato changu cha mwezi naipa siku saba, na lazima nimwonyeshe mtu mmoja asiyelipenda hilo dili. Sababu yake si uoga. Hela ya simu ukishaituma, mwenzio anaitoa kwa wakala yeyote ndani ya dakika chache. Kwa hiyo muda wa kufikiri uko kabla ya kubonyeza namba ya siri, baada ya hapo umekwisha. Kazi ya kweli iliyokungoja miaka miwili haitakufa kwa usiku mmoja.

Kabla hujabonyeza, soma jina linalotokea kwenye kioo. Dogo alijaribu bila kumalizia, likatokea jina la mwanamke. Meneja ni mwanamme. Jamaa alipoulizwa akasema, "Huyo mhasibu wetu." Jina lisipolingana, simama. Lakini hata likilingana usishangilie, kwani laini inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Tena jiangalie na wewe: bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako.

Mchezo huu unaenda na kwa wanaojiita watu wa mtandao wa simu, eti laini yako inafungwa au umeshinda zawadi. Kata. Piga 100, huduma kwa wateja. Kama ni kweli, watakwambia hapo.

Sasa nisikudanganye, ngazi hizi zina mpaka. Kupiga namba rasmi kunakwambia nani anaongea, hakukwambii kama anachosema kina maana. Mnaikumbuka DECI? Wale walikuwa na ofisi, wana wafanyakazi, watu wanapanga foleni "kupanda mbegu" ili wavune zaidi. Ungewapigia wangepokea vizuri tu na wangekujibu ndiyo, dili lipo. Mwaka 2009 serikali ikausimamisha mchezo, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani kwa upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Kwa hiyo dili likiwa la kuzalisha hela, usimpigie mwenye dili. Mpigie anayetoa leseni. Kwa wanaopokea amana ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Zanzibar. Swali ni moja: hawa mmewaruhusu kupokea fedha za watu?

Vilevile kazi za Uarabuni. Wakala anayekwambia "tiketi tayari, leta hela ya viza leo" mwulizie Kamisheni ya Kazi, usimwulizie kwa shoga yako aliyeletewa habari na wakala huyohuyo.

Na kama umeshatuma? Usilie kwanza. Piga 100 saa hiyohiyo, sema umetuma hela kwa tapeli, waombe waizuie. Ikiwa bado haijatolewa, kuna matumaini. Ikishatolewa, kuirudisha ni shughuli. Usifute meseji hata moja, zitume kwenda 15040 ufuate maelekezo, watakutaka namba iliyotumika. Halafu nenda kituo cha polisi na daftari lako.

Saa nne ilipofika, jamaa akapiga. Dogo akapokea kwa adabu zote: "Bosi, nimeongea na mapokezi, wameniambia nije na hela mkononi nikukabidhi wewe ofisini. Upo?" Kimya. Simu ikakatwa, na namba haikupatikana tena.

Dogo siku ile hakuongea mpaka mchana. Kilichomuuma si zile elfu thelathini na tano, maana anazo. Kilichomuuma ni kwamba usiku ule mzima alishajiona yuko kazini, ameshapanga na mshahara wa kwanza atamnunulia mama kitu gani. Nikamwachia tu. Ila jioni alikuja na barua mpya mkononi, akaniomba nauli ya Nungwi. Tangazo la getini, si lilikuwa la kweli?

Nikampa. Hiyo sikungoja hata dakika.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.