Kupunguza Onyesho bila Kupunguza Tendo: Mfano wa Bagamoyo, 1874

Mtunzi wa mswada wa filamu asiye na fedha hushauriwa afute: afute chombo baharini, afute umati, afute moto na mizinga. Maoni yetu ni kwamba ushauri huu unaanzia mahali pasipo. Kabla ya kufuta lolote, mtunzi hana budi kujiuliza ni jambo gani linalobadilika baina ya mwanzo na mwisho wa onyesho. Jambo hilo ndilo tendo. Mandhari, wahusika na madoido ni vyombo vya kulibeba tu, na chombo chaweza kubadilishwa.

Tuchukue mfano mmoja. Mnamo Februari 1874 msafara wa watu wapatao 60, wakiwamo wanawake, uliwasili Bagamoyo ukiwa na maiti ya Livingstone, aliyefariki katika kijiji cha Chitambo Mei 1873. Walikuwa wametembea takribani miezi tisa. Maiti ililazwa katika kanisa la misheni, kisha ikachukuliwa kwa manowari ya Kiingereza hadi Unguja. Prideaux, aliyekuwa akikaimu ukonsuli wa Uingereza huko, aliwalipa wachukuzi ujira wao na kuwaachia waende zao.

Mtunzi anayeandika tukio hili kwa mara ya kwanza huelekea kutaka yote: msafara ukiingia mjini, kanisa usiku, pwani, na manowari iking'oa nanga. Hayo ni mandhari manne na mavazi ya watu 60 wanaopaswa kulishwa na kusafirishwa. Tena pwani ya Bagamoyo ina kina kifupi, na maji yakipwa huenda mbali sana. Picha iliyoanzwa maji yakiwa yamejaa haitaoana na ile itakayopigwa saa chache baadaye, mbele ya mchanga mtupu. Upepo nao hujaza kinasasauti, na machweo ya kwetu ni mafupi mno kwa kikosi cha watu watano wanaobeba vifaa vyao wenyewe.

Sasa tuulize: ni nini kinachobadilika? Watu waliojipa wajibu mzito wanavuliwa wajibu huo na mtu ambaye hakuubeba. Manowari haihitajiki katika badiliko hili. Kinachohitajika ni malipo. Kwa hiyo tunabuni upya: chumba kimoja chenye kuta za chokaa, meza, mfuko wa sarafu, karani, na mchukuzi mmoja anayengoja zamu yake. Mwanga ni wa asubuhi na unaingia mlangoni, haidaiwi jenereta. Karani anaita majina, na kila jina linaitikiwa kutoka nje ya fremu. Sauti tano au sita, zilizorekodiwa baadaye kwa umbali tofauti kutoka kwenye kinasasauti, zinatosha kuujaza ua ambao mtazamaji hauoni. Kazi ya siku mbili tatu imekuwa ya siku moja, na waigizaji wanaoonekana ni wawili.

Hata hivyo, njia hii ina hatari mbili. Ya kwanza ni kuyahamishia mazungumzo yale yaliyoondolewa machoni. Mchukuzi akimwambia mwenzake, "Tumetembea miezi tisa tangu Chitambo," anamweleza jambo ambalo wote wawili wanalijua kwa nyayo zao. Hapo anayezungumza ni upungufu wa fedha. Kipimo chake ni rahisi: mstari ambao mhusika hana sababu ya kumwambia msikilizaji aliye mbele yake uondolewe, na mahali pake pawekwe kitu. Kamba iliyolainika kwa jasho, ikiwekwa juu ya meza kando ya sarafu, inaeleza safari yote.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa haionekani katika hesabu ya gharama. Mtunzi anayepunguza idadi ya waigizaji atavutwa kuwabakiza Chuma na Susi peke yao, kwa kuwa majina yao yanajulikana. Lakini ndivyo kumbukumbu zilivyokwisha kufanya: hao wawili wakakumbukwa, pamoja na Jacob Wainwright aliyeisindikiza maiti hadi Uingereza, na wengi wa wenzao wakabaki kuwa idadi tu. Hapa wingi wa watu ni sehemu ya tendo lenyewe. Ukiwafuta, umefuta hoja. Ndiyo maana katika mswada wetu mchukuzi anayeonekana si Chuma wala Susi, na orodha ya majina haikatwi hata kama onyesho litarefuka kwa dakika nzima. Dakika hiyo haina gharama ya ziada isipokuwa uvumilivu wa mtazamaji.

Tunahitimisha kwamba mwandishi atenganishe wingi ulio pambo na wingi ulio maana. Wa kwanza aufute bila huruma. Wa pili, asipoweza kuulipia kwa macho, aulipie kwa masikio. Pale ambapo hata sauti haiwezi kuubeba, ni heri onyesho lenyewe lisiandikwe kuliko kuandikwa likiwa na madai yaliyo kinyume chake.