Bando la Siku Ndilo Ghali

Dada zangu, tukisema intaneti haijawafikia wanawake wa shamba, mara nyingi tunakosea. Mtandao unashika hata pwani ya Paje. Kinachowazuia wengi ni namna bando linavyouzwa.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu. Mkulima wa mwani ananunua bando la siku kwa shilingi 500, anapata MB 200. Baada ya siku 30 ametoa 15,000 na kupata GB 6. Mwenye mshahara anatoa 15,000 hiyo hiyo mara moja, anapewa GB 10.

Na hizo 6 hazimalizi. Siku za bamvu yuko majini, simu ameiacha nyumbani, saa 24 zinakwisha na MB zake zinapotea. Yapo mabando ambayo salio huendelea ukinunua jingine kabla la kwanza halijaisha, lakini aliye majini atanunuaje? Bando la mwezi haliwezi, maana fedha yake huja mwani ukishakauka na kupimwa kilo.

Mimi ningeanzia hapo: MB zilizolipiwa zisife. Semina za matumizi ya simu, hata ziwe na chai na vitumbua, haziligusi hilo.