Daftari la Maswali Mlangoni mwa Ofisi

Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi mtaani Mlandege, mjini Iringa, siku moja nilikuwa nikifundisha Darasa la Nne kugawanya kwa njia ndefu. Katika kipindi kile cha dakika 40 hodi ilipigwa mara tatu. Wa kwanza aliuliza funguo za stoo ya vitabu anazo nani. Wa pili alimleta mzazi aliyetaka kumhamisha mtoto. Wa tatu aliuliza funguo zile zile. Kila jibu lilichukua dakika 2 hivi, na darasa likahitaji 3 zaidi ili kulirudia baki tuliloliacha ubaoni. Dakika 15 zikapotea.

Wako wanaodhani dawa yake ni kukataza hodi. Mimi sikubaliani nao, maana mwulizaji ana haja ya kweli. Linalofaa ni jibu kuwekwa mahali anapoweza kulipata bila mwalimu.

Kwa muda wa wiki mbili, kila mwalimu na aandike kila swali analoletewa darasani, kwa maneno yale yale ya mwulizaji. Swali lililojitokeza mara tatu au zaidi lipewe ukurasa wake katika daftari kubwa, litakalofungwa kwa kamba mlangoni mwa ofisi. Chini ya swali yaandikwe jibu fupi, cheo cha mhusika na tarehe. Ukurasa unaolikabili uachwe wazi kwa masahihisho, na kurasa za mwisho ziachwe kwa maswali mapya.

Sisi tulikosea hapo kwenye maneno. Ukurasa wa funguo tuliupa kichwa “Utunzaji wa Ghala”. Watoto walifunua daftari, hawakuona neno “funguo”, wakarudi kupiga hodi. Tulipoandika “Funguo za stoo anazo nani?” hodi zikapungua. Muhula uliofuata zikaanza upya: funguo zilikuwa zimepewa mwalimu mwingine, na ukurasa ulimtaja yule wa zamani. Tangu hapo mwalimu wa zamu akawa anazipitia kurasa zote kila Ijumaa, akisahihisha na kutia tarehe mpya. Swali lililomo daftarini likiendelea kuulizwa, tusimlaumu mwulizaji kwanza, tuukague ukurasa.

Daftari lina mpaka wake. Mtoto aliyeumia au anayelia asielekezwe daftarini, na mzazi asiyejua kusoma asomewe. Majina ya watoto na mambo yao ya siri yasiandikwe humo kamwe. Wala swali la mwanafunzi juu ya somo si usumbufu: mtoto anayeuliza baki limetoka wapi ndiye hasa tunayemtafutia zile dakika 15.

Mwanachuo uendaye kwenye mazoezi ya kufundisha, anza na karatasi moja ya kuandikia maswali. Huenda ukaona kuwa hodi nyingi zaletwa na maswali machache tu.